Mgeni wetu hataki kujisifu: nimhoji vipi kabla ya kumtambulisha?

Assalaam aleikum Mwalimu,

Mimi ni katibu wa chama cha wanafunzi wa zamani wa shule moja ya upili hapa Changamwe. Mwaka jana nilipewa kazi ya kumtambulisha mgeni rasmi siku ya zawadi. Nilitumiwa wasifu na mtu wa ofisini kwake, nikausoma neno kwa neno. Nikatangaza kwamba ndiye mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu mkuu wa shule fulani. Mgeni akashika maikrofoni, akasema wa kwanza ni yule mama aliyeketi safu ya pili, yeye ni wa tatu. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa Jumamosi ya wiki mbili zijazo tuna mzee aliyestaafu bandarini, atazungumza na kidato cha nne kuhusu kazi za baharini. Nimempigia simu anieleze habari zake, akacheka: "Mwanangu, andika utakavyo. Mimi sina makuu." Bintiye amenitumia wasifu wa ukurasa mmoja: alijiunga na KPA 1974, akasoma Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa 1976, akawa nahodha wa meli, Mwafrika wa kwanza kuendesha tagi Kilindini, amestaafu 2009, amehiji.

Nitamhoji vipi mzee wa watu bila kuonekana namchunguza? Nimuulize nini, na nitajuaje yanatosha?

Katibu, Changamwe

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Usimpigie tena mzee leo. Kwanza kaa na huo ukurasa mmoja na kalamu mkononi, maana maswali yako mazuri yamo humo humo.

Tazama huo mwaka wa 1974. Halmashauri ya Bandari, hii KPA tunayoijua, iliundwa 1978. Miaka minne kabla yake hapakuwa na KPA ya kujiunga nayo. Bandari za Kenya na Tanzania zilikuwa mkononi mwa Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, lililoanza 1969 bandari zilipotengwa na reli, makao yake makuu yakiwa Dar es Salaam. Jumuiya ilipovunjika 1977, nalo likaenda nayo. Sisemi binti amedanganya. Ameandika kwa jina la leo, kama tufanyavyo sote tukisimulia mambo ya kale. Lakini ukumbini kwenu Changamwe watakuwamo wazee waliolipwa mshahara na shirika lile, na ukisema "KPA 1974" watatazamana kabla hujafika sentensi ya pili.

Lenye faida zaidi ni kwamba kosa hilo limekupa swali. Ukimuuliza, "Mzee, ulijiunga lini na KPA?" atakutajia mwaka na kunyamaza. Muulize hivi: "Mzee, Jumuiya ilipovunjika 1977, wewe ulikuwa wapi na kazi yenu ikawaje?" Mtu aliyekuwa kazini mwaka ule hawezi kujibu swali hilo kwa neno moja. Na jina la shirika lenyewe utalipata bila kumsahihisha yeyote, kwa kuuliza tu, "Wakati ule mlikuwa mkiliitaje?"

Chuo ni vivyo hivyo. Kile chuo cha Tudor kilipewa jina la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa mwaka 2013. Tangu 1972 kilikuwa Politekniki ya Mombasa, na mzee akikumbuka siku zake za darasani atasema "Politekniki", hatasema vinginevyo. Halafu pana jambo lingine katika mistari hiyo miwili: kazi 1974, masomo 1976. Je, aliacha kazi akarudi darasani, au mwajiri ndiye aliyempeleka? Au akisoma jioni baada ya zamu? Kwa mtoto wa kidato cha nne anayefikiri mlango wa masomo hufungwa siku ya kupata kazi, jibu la hapo laweza kuwa ndilo jambo kubwa la siku nzima. Wasifu umeliruka kwa sababu wasifu huandika miaka, hauandiki namna mtu alivyotoka mwaka mmoja kwenda mwingine. Huko ndiko unakokwenda kumhoji.

Sasa hilo la nahodha. Tagi ni ile boti fupi yenye injini kubwa inayosukuma na kuvuta meli mpaka gatini, na anayeiongoza ni nahodha wa tagi. Nahodha wa meli ni mtu mwingine kabisa, huyo amekuja na meli yake kutoka ng'ambo. Na kuna wa tatu, rubani wa bandari, anayepanda melini ikiwa bado nje na kumwongoza nahodha mpaka ndani, kwa kuwa yeye ndiye anayeyajua maji ya hapa. Hawa watatu wako kazini wakati mmoja, kwa ajili ya meli moja, na kila mmoja anajua mpaka wake. Ukimvisha mzee cheo cha mwenziwe, yeye mwenyewe ndiye atakayeona haya, na akiwa mtu wa adabu atanyamaza, nawe utarudi nyumbani ukidhani umefaulu. Usimuulize cheo. Muulize, "Meli ikiingia, wewe ulikuwa umesimama wapi?" Akikwambia alikuwa kwenye usukani wa tagi, au kwenye sitaha ya tagi na amari mkononi, au juu ya meli pembeni ya nahodha, cheo utakipata bila kukiuliza. Kisha hakikisha: "Kwa hiyo niseme nahodha wa tagi, ndivyo?"

Na "Mwafrika wa kwanza". Hapo ulishaungua mwaka jana, na nakuomba uchukue msimamo mkali kuliko ule unaoudhani unatosha. Neno "wa kwanza" si habari ya mtu mmoja. Ni habari ya watu wote waliomtangulia, na yeye hawezi kuwashuhudia wote. Hata akikwambia mwenyewe kwamba alikuwa wa kwanza, anakwambia alivyoona kutoka pale alipokuwa. Mimi hulitumia neno hilo nikipata karatasi ya mwajiri inayosema hivyo, au watu wawili wa wakati ule, wasiokuwa jamaa zake, wakisema jambo moja bila kuulizwa pamoja. Nisipopata, naliacha. Silipunguzi kuwa "miongoni mwa wa kwanza", maana hilo ni kosa lile lile limevikwa kanzu. Badala yake natafuta lile analolijua kwa macho yake. "Siku uliyoingia kwenye tagi, mlikuwa wangapi, na nani alikuwa akitoa amri?" Akikujibu kwamba nahodha alikuwa mgeni na wao walikuwa mabaharia watatu wa pwani, na baada ya miaka kadhaa usukani ukaja mkononi mwake, hiyo ni sentensi ambayo hakuna mtu wa safu ya pili atakayeipinga.

Ukishayaandika maswali hayo pembeni mwa ule ukurasa, sasa mpigie mzee, lakini kuomba miadi tu. Mwambie unataka muda wake kidogo, umfuate aliko, na umwambie kwa nini: "Mzee, nataka watoto wajue wanamsikiliza nani, na sitaki niseme lisilo kweli mbele zako." Sentensi hiyo hufungua milango. Wazee wetu hawapendi kujisifu, na ukimwambia mtu "nieleze mafanikio yako" umemwomba afanye jambo alilokatazwa tangu utotoni. Lakini kumlinda kijana asiseme uongo mbele ya watu, hilo ni jukumu lake kama mzazi, na atalibeba. Nenda mapema, siku nane au kumi kabla ya shughuli. Ukienda juzi yake hutakuwa na nafasi ya kuulizia lolote kwa watu wengine wala kurudi.

Nenda na daftari. Ukitaka kumrekodi kwa simu, omba ruhusa, na simu uiweke wazi mezani. Mimi huandika kwa mkono kwa sababu mtu akiona umeandika neno lake, husimama na kulirekebisha. Kifaa hakimwonyeshi kitu.

Nikuambie mfano mmoja nilioufanya mwenyewe, uone jinsi mazungumzo yanavyokwenda.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kumtambulisha mkunga mstaafu wa upande wa Likoni, aje kuzungumza na wasichana wa shule. Wasifu wake ulikuwa na kurasa nne: kozi, vyeti, semina, kamati. Niliusoma mara mbili na sikumwona mtu ndani yake. Nikaenda kwake baada ya alasiri. Alikuwa barazani anachambua mchele kwenye uteo. Nikaamkia, nikakaa, tukanywa kahawa, na nusu saa ya kwanza sikuuliza lolote la maana. Niliuliza habari za wajukuu. Wengine wataona huo ni muda uliopotea. Kwa mtu wa umri ule ndio adabu yenyewe, na ukiuruka utapewa majibu ya ofisini.

Swali langu la kwanza lilikuwa baya. "Bi, ni jambo gani unalojivunia zaidi katika kazi yako?" Akatikisa kichwa: "Alhamdulillahi, mambo yote ni ya Mungu." Basi, ukuta. Nikabadilisha: "Nani alikufundisha?" Hapo aliuweka uteo chini. Akanieleza habari za mkunga mmoja wa zamani, mama mkali, aliyemtaka kila jioni aandike katika daftari la shule kila uzazi alioushuhudia: saa, jina la mama, mtoto alivyolia. Mwalimu wake alikufa lakini yeye hakuacha. Nikauliza, "Yako wapi hayo madaftari?" Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki, na ndani yake madaftari kumi na moja, majalada yamekuwa laini kama nguo kwa kushikwashikwa. Akafungua moja, akaweka kidole kwenye mstari, akasema, "Huyu sasa ana duka pale kivukoni. Kila nikipita hunipa muwa."

Mtu anayejinyima sifa huzungumza kwa furaha juu ya aliyemfundisha, juu ya kitu alichokishika kwa mikono, na juu ya siku moja iliyo wazi akilini. Kwa mzee wako, muulize nani alimkabidhi usukani mara ya kwanza. Muulize siku ngumu ya msimu wa kusi, meli ikisukumwa na upepo nao wanaisukuma kinyume. Ukiona mkono wake umeanza kuonyesha, kana kwamba ameshika kitu, acha kuuliza. Andika. Na akimaliza, usikimbilie swali linalofuata. Nyamaza kidogo. Mara nyingi jambo lenyewe huja baada ya "basi, ndivyo ilivyokuwa".

Nirudi kwa mkunga. Nikamuuliza kuhusu uzazi ambao hajausahau. Akanisimulia usiku mmoja kwenye feri, katikati ya maji, mama hawezi kungoja, abiria wanawake wamezungushia leso kufanya ukuta. Nikaandika haraka haraka, moyoni nikisema utambulisho wangu umepatikana. Kwa bahati nikamuuliza, "Bi, naweza kuianzia hii?" Akanitazama. "Ukinisemea hiyo, mimi nitasimama niseme nini?" Ndiyo aliyokuwa ameiandaa kwa wale wasichana. Ningeimaliza kwa sentensi tatu, kisha yeye asimame mbele ya watu waliokwisha kuujua mwisho.

Tangu siku hiyo swali hili silikosi, na nawe uliandike juu ya ukurasa wako: "Siku hiyo utasimulia nini, ili mimi nisiliguse?" Mwulize pia atamalizia na nini. Kazi yako ni kuufungua mlango. Wageni wakishaingia, mwenye nyumba ni yeye.

Kulikuwa na jambo la pili. Alipokuwa akifunua madaftari alifika kwenye ukurasa wa mwezi wa Aprili 1994, akanyamaza. Tarehe 29 mwezi huo feri ilizama Mtongwe, watu 272 wakafa. Akanieleza nani wake alikuwamo. Sitayaandika hapa na sikuyaandika pale. Nilifunga daftari langu na kuweka kalamu juu yake, ili aone. Alipomaliza nikamuuliza wazi: "Hili, Bi, ni la ukumbini au ni letu?" Akasema, "Ni letu." Mtu akikaribishwa kuzungumza kwa starehe husema mengi kuliko aliyokusudia, na kwa kuwa ameyasema mbele yako huku unaandika, utajiona una ruhusa. Huna. Maradhi, misiba, ndoa zilizovunjika, kesi, mshahara, hata umri, kila kimoja kiombee idhini yake peke yake. Umri hasa kwa akina mama, lakini hata wazee wa kiume wako ambao hawapendi.

Sasa jina, na hapa nenda polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wa pwani tunapoumizana. Usichukue jina kwenye wasifu. Muulize, "Nikikuita mbele ya watu, nikuite vipi?" Kisha mwombe alitaje mwenyewe, na ikiwezekana akutumie ujumbe wa sauti akilitaja, ulisikilize mpaka ulimi uzoee. Dh si z, gh si g, th si s, na mwenye jina hulisikia kosa hilo hata akiwa amesinzia. Mkunga wangu kwenye wasifu alikuwa ameandikwa kwa jina la mume, kwa sababu karani alijaza fomu kwa mazoea ya kwao. Yeye maisha yake yote ni binti wa babake, na alitaka aitwe hivyo: jina lake, binti, jina la baba. Hakuwa amemwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Na hija. Wasifu umekwambia mzee amehiji, lakini haukukwambia anataka kuitwa Alhaji. Wako wanaopenda, na wako wanaoona ibada hiyo ni baina yao na Mola wao na hawataki itangazwe kwenye maikrofoni. Swali ni moja tu, "Nianze na Alhaji, Kapteni, au Mzee?" na jibu lake ulifuate hata kama mwalimu mkuu anataka lingine.

Baada ya mazungumzo, siku hiyo hiyo kabla hujalala, pitia daftari lako na uweke alama mbele ya kila jambo: hili amelisema yeye, hili kalisema bintiye, hili nimelidhania. Utashangaa jinsi la tatu linavyojipenyeza. Mimi nilipopitia yangu nilikuta nimeandika "alistaafu hospitali kuu" kwa sababu niliona picha ukutani. Hakuwa amesema hivyo, na haikuwa kweli. Picha ilikuwa ya siku ya mafunzo. Yaliyosemwa na binti ni ya kukuelekeza tu, lazima yarudi kwa mzee athibitishe. Na kama mzee atakutajia mtu waliyefanya kazi pamoja, mpigie huyo dakika tano. Muulize jambo moja: "Mlikuwa mkimjua kwa lipi kazini?" Wenzake wa kazi watakupa sentensi ambayo mwenyewe hataitoa hata ukikaa mpaka isha.

Umeuliza utajuaje yanatosha. Mimi hupima hivi. Nikiwa na daftari mbele yangu, lazima niweze kujibu mambo matatu bila kubuni: kwa nini mtu huyu ndiye wa kuzungumzia jambo hili, linawahusu nini hawa walioketi mbele yake, na ni kipi nilichokisikia kwake ambacho hakimo kwenye wasifu. La pili ndilo watu hulisahau. Kwa kesi yako limo mlangoni: shule yenu iko Changamwe, bandari iko chini yenu, watoto husikia honi za meli wakiwa darasani. Muulize mzee alikaa wapi alipoanza kazi, alipita njia gani kwenda zamu. Akitaja mtaa ambao watoto wale wanautoka, umepata kamba ya kuwafunga pamoja. Kama huna jibu la mojawapo ya hayo matatu, rudi kwake na swali hilo moja. Kama unayo yote, acha kuuliza, hata kama kurasa zimebaki. Mahojiano yasiyo na mwisho humfanya mzee ahisi unamtafutia kosa.

Kuandika sasa ni kazi fupi. Mimi ukumbini husoma kama maneno mia moja kwa dakika, kwa sababu maneno yetu ni marefu na spika za kukodi zina mwangwi. Dakika moja na nusu inatosha kabisa, yaani kama maneno mia na hamsini. Kwa kurasa zako sita za daftari utatumia kidogo sana, na hilo lisikuumize. Yale mengine ndiyo yaliyokuwezesha kujua lipi la kuchukua. Hivi ndivyo nilivyomwandikia mkunga:

"Wasichana, kuna mama mmoja upande wa Likoni mwenye madaftari kumi na moja ya shule ndani ya mfuko. Hayana hesabu wala Kiingereza. Kila mstari ni mtoto mmoja: saa aliyozaliwa, jina la mamake, na jinsi alivyolia. Alianza kuyaandika akiwa na umri usiozidi wenu sana, kwa sababu mwalimu wake alimwambia kazi ya mikono isipoandikwa husahaulika. Mwalimu huyo hayupo tena, lakini daftari la kumi na moja bado halijajaa. Wengine wenu mmekuja leo kwa feri kutoka upande wake, na huenda jina la mama yenu limo humo. Amekuja kuwaambia kazi ya ukunga inataka nini kwa msichana anayeifikiria leo: masomo gani, moyo gani, na usiku mingapi bila usingizi."

Hapo nikataja jina lake kamili, binti wa babake, mara moja tu, mwishoni, nikaondoka kwenye maikrofoni. Kozi na semina zote niliziacha, zilikuwa kwenye karatasi ya ratiba kwa anayezitaka. Feri ya usiku ule sikuigusa.

Unaona "akiwa na umri usiozidi wenu sana"? Rasimu yangu ilikuwa na miaka kamili. Niliibadilisha kwa sababu hakutaka watu wapige hesabu ya umri wake. Na unaona kwamba hapana neno "amezalisha"? Rasimu ilikuwa nalo pia. Siku tatu kabla ya shughuli nilimpigia, nikamsomea yote kwenye simu, polepole, kama nitakavyosoma ukumbini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapo uliposema nimezalisha, toa. Wanawake ndio waliozaa. Mimi nilipokea." Ningeweza kukaa naye barazani mwezi mzima nisilipate hilo. Lilikuja kwa sababu alisikia maneno yangu yakipita masikioni mwake.

Kwa hiyo mzee wako msomee, usimtumie ajisomee. Akisoma kwenye simu atajibu "sawa mwanangu, ahsante" na hutajua kama amefika mwisho. Ukimsomea, sikiliza anaponyamaza. Kimya kifupi baada ya jina, mwaka au cheo mara nyingi ni kosa ambalo anaona aibu kulitaja. Simama hapo hapo: "Mzee, hapa pako sawa?" Muulize mara mbili, maana mara ya kwanza atasema hapana neno. Akiondoa kitu, kiondoe bila kubishana, hata kikiwa ndicho ulichokipenda kuliko vyote. Akitaka kuongeza orodha ya kamati, mwambie kwa upole kwamba utaiweka kwenye ratiba.

Yaandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, usisome kwenye simu. Jumamosi ukimpokea langoni, kabla hamjaingia ukumbini, mwombe alitaje jina lake mara moja zaidi, nawe ulirudie mbele yake.